Ufundi wa Kufuata Maji

Mashine ya kufulia inayojaa polepole haina kelele ya kutisha. Haitoi moshi wala haiangushi umeme wa nyumba. Inachukua muda tu. Mzunguko ulioandikwa saa moja unafika saa mbili, na mwenye nyumba anaanza kuamini kwamba mashine imezeeka. Ndiyo maana kosa hili hudumu miezi, na ndiyo maana mashine nyingi nzima huuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Nataka kuwasifu mafundi wanaolijua, kwa sababu ufundi wao haumo mikononi peke yake. Umo katika mpangilio. Fundi wa kweli haanzi kwa kufungua mashine. Anayafuata maji hatua kwa hatua mpaka yanapokwama, na kabla ya kufungua kitu anapima.

Mashine yenyewe haihesabu lita. Ndani yake kuna kimpira chembamba chenye hewa kilichounganishwa chini ya pipa, na maji yakipanda, hewa inabanwa na swichi au kihisio kinajua kiasi kimefika. Wakati huohuo saa ya ndani inakwenda. Maji yasipofika kimo chake kwa dakika zilizowekwa na mtengenezaji, mashine inasimama na kuandika hitilafu. Mashine za LG huandika IE, za Samsung huandika 4C au, kwa za zamani, 4E. Maana yake ni kwamba maji hayajaingia inavyotakiwa. Haisemi kwa nini. Kati ya tangi na pipa kuna bomba, koki, mpira wa kuingizia maji, chujio dogo na vali ya umeme, na lolote kati ya hayo laweza kuwa chanzo. Hapo ndipo ufundi unapoanzia, na hapo ndipo mtu mwenye haraka anapokimbilia kununua vali mpya.

Huku kwetu Goba, Dar es Salaam, jirani yangu alikuwa na mashine ya mlango wa mbele, ya kilo 7, iliyokuwa ikikataa kazi jioni na kukubali asubuhi. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema vali imekufa, akataja bei. Wa pili alikuwa mzee wa makamo mwenye mkoba wa turubai. Jirani alimwamkia, "Shikamoo fundi," naye akaitikia, "Marahaba mama. Mashine inasumbua tangu lini, na inasumbua saa ngapi?" Swali la pili ndilo lililonifanya nibaki kuangalia. Vali iliyokufa haijui asubuhi na jioni.

Hakuivuta mashine. Aliiwasha kwanza, akachagua kufua kwa maji baridi, akasogeza sikio upande wa nyuma. Vali ya maji ina koili, na umeme ukiipata hutoa mngurumo mdogo unaosikika ukinyamaza. Mngurumo ukiwepo na maji yakiingia kama uzi, umeme umefika na vali inajitahidi. Tatizo ni la maji au la njia yake. Mngurumo usipokuwepo kabisa, hapo ni habari ya umeme, na kazi inabadilika. Siku ile mngurumo ulikuwepo.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi hulisahau: aliangalia mpira wa kutolea maji machafu. Ncha ya mpira huo ikilazwa chini sakafuni, maji yanayoingia huanza kujivuta yenyewe na kutoka kabla pipa halijajaa. Mtu anaona mashine haijai, kumbe inajaa na kumwaga kwa pamoja. Mashine nyingi zinataka ncha hiyo iwe juu kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ya jirani ilikuwa imening'inizwa sawasawa ukutani, na kwenye bomba la maji machafu hakukuwa na sauti ya maji. Akaliacha hilo.

Akaacha mashine ijaze huku ameshika saa. Ilichukua dakika 12 kabla pipa halijaanza kuzunguka kufua. Akaandika 12 kwenye kipande cha boksi. Kwa nini kuandika? Kwa sababu baada ya kusafisha, kila mtu huona mashine imepona, hasa aliyelipwa kuisafisha. Namba iliyoandikwa kabla ndiyo shahidi asiyependelea upande.

Baada ya hapo akazima, akachomoa plagi kwenye soketi, akafunga koki, akaufungua mpira upande wa koki huku ndoo ikiwa chini. Maji ya koki peke yake yalijaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 55, sawa na takriban lita 11 kwa dakika. Akarudisha mpira kwenye koki, akaufungua upande wa mashine, akauelekeza ndooni. Safari hii sekunde 60. Tofauti ya sekunde tano ni ya kawaida. Mpira una urefu wake na msuguano wake. Kama ungechukua dakika mbili, tungejua mpira umekunjwa nyuma ya mashine au una uchafu ndani. Baadhi ya miongozo ya watengenezaji hutaka walau lita 8 kwa dakika, kwa hiyo kwa kipimo cha ndoo nyumba hii ilikuwa imefaulu. Mtu mwingine angefunga mjadala hapo na kusema maji yapo ya kutosha.

Yeye hakuufunga. Alimwomba jirani afungue koki ya jikoni, akapima tena. Sekunde 90. Bomba la nusu inchi lililotoka kwenye tangi lilikuwa likihudumia jiko, bafu na mashine kwa pamoja, na kila mmoja akinywa, mwenzake anapungukiwa. Hili ni jambo la kushika vizuri, kwa sababu linawapotosha hata mafundi wa mabomba. Maji yakiwa yametulia, presha ni ileile hata kama koki ya tangi imefungwa nusu au bomba limeziba kiasi. Ukiweka geji wakati hakuna maji yanayotembea, itakudanganya kwa uaminifu kabisa. Kikwazo kinajionyesha pale tu maji yanapokwenda. Ndiyo sababu kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa maji yakitiririka, na ikiwezekana koki nyingine ikiwa wazi.

Sasa ndipo akageukia chujio.

Nyuma ya mashine, mahali mpira unapofungwa, kuna mdomo wa plastiki wenye nyuzi za skurubu za robo tatu inchi. Ukichungulia ndani utaona chujio dogo la plastiki lenye vitundu vidogo sana, umbo lake kama kikofia kilichochongoka, na katikati kina kishikio. Mashine nyingine zina chujio lingine upande wa koki, ndani ya kichwa cha mpira, na hilo husahaulika zaidi. Kazi yake ni moja: kuzuia mchanga usiingie kwenye vali. Kwa hiyo chujio lililoziba si chujio bovu. Ni chujio lililofanya kazi yake mpaka likachoka.

Fundi alichukua plaizi yenye mdomo mwembamba, akakamata kishikio, akavuta moja kwa moja kuelekea kwake huku akitikisa kidogo kidogo. Hakusokota. Kishikio kile ni chembamba na plastiki yake hukauka kwa miaka. Ukikisokota kinakatika, na chujio linabaki ndani bila pa kushikia. Likigoma kutoka, bora ulisafishe hukohuko kwa mswaki na siki kuliko kulichokonoa kwa bisibisi, maana tundu moja lililotoboka linaharibu maana ya chujio zima.

Lilitoka. Nimeona wachache wakiliangalia kwa makini kama alivyoliangalia. Aliliweka kwenye kiganja, akaligeuza juani, akausoma uchafu wake. Juu palikuwa na tope laini la kahawia, lile linalokuja maji ya mgao yanaporudi baada ya bomba kukaa tupu kwa siku kadhaa. Bomba tupu hukauka, kutu na tope lililogandama ukutani huachia, na mkupuo wa kwanza wa maji unavibeba vyote. Chini ya tope palikuwa na chembe za mchanga, kubwa kidogo, zinazokwaruza ukizisugua kwa vidole. Hizo zilitoka chini ya tangi. Na katikati ya vitundu palikuwa na ukoko mweupe mgumu ambao maji hayakuuondoa. Hiyo ni chokaa. Jirani huyo hujaza tangi kwa maji ya kisima mgao ukikatika, na maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Ndivyo ilivyo Unguja, ndivyo ilivyo Mombasa na sehemu nyingi za ukanda huu.

Kila uchafu una dawa yake. Tope liliondoka kwa maji ya koki yaliyopitishwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume na mwendo wa kawaida. Mchanga uliondoka kwa mswaki wa zamani. Chokaa ilitaka siki: aliliweka chujio kwenye kikombe cha siki nyeupe kwa nusu saa, na vipovu vidogo vikaanza kupanda. Alipolitoa, alilisugua tena, akalishika juu kuelekea mwangaza. Akaona mwanga katika kila kitundu. Hicho ndicho kipimo cha chujio safi, si weupe wake.

Wakati chujio likiwa nje, jirani aliuliza kama halina ulazima. Kwa nini lisiachwe tu, maji yaingie bila kizuizi? Fundi alikataa kabisa, na sababu yake inafaa ijulikane na kila mwenye mashine. Ndani ya vali kuna kiwambo cha mpira kinachokaa juu ya tundu. Koili haikinyanyui kwa nguvu zake. Inafungua kitundu kidogo tu, na presha ya maji yenyewe ndiyo inayokisukuma kiwambo kufungua na kufunga. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya kiwambo, vali haifungi sawasawa. Maji yanaendelea kudondoka ndani ya pipa hata mashine ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, kwa kuwa kinachoyazuia si umeme. Asubuhi unakuta sakafu imejaa. Anayetoa chujio ili mashine ijae haraka anabadilisha kero ndogo kwa mafuriko.

Kurudisha nako kuna adabu yake. Chujio husukumwa kwa kidole mpaka likae. Wosha ya mpira ndani ya kichwa cha mpira wa maji hukaguliwa. Ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu, hubadilishwa, nayo ni kitu cha bei ndogo katika duka lolote la mabomba. Kichwa hufungwa kwa mkono. Mdomo wa mashine ni plastiki, na spana kubwa huupasua bila kelele. Wengine huzungusha ile teipu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi, lakini hapa haisaidii, kwa sababu kinachozuia maji yasivuje ni wosha na wala si nyuzi. Jambo moja la tahadhari: baadhi ya mipira ya kisasa ina boksi nene upande wa koki na waya wa umeme ndani yake, kwa ajili ya kukata maji mpira ukipasuka. Mpira wa namna hiyo haukatwi wala boksi lake halitumbukizwi majini.

Mashine iliwashwa tena. Dakika 5. Fundi aliandika 5 chini ya 12.

Mwingine angechukua malipo yake akaenda. Yeye akasema, "Mama, hii ni nusu ya kazi. Jioni bado." Kisha akaomba ngazi.

Kwenye kila mashine kuna kibandiko nyuma au karibu na mlango kinachotaja presha ya maji inayotakiwa. Cha jirani kiliandika 0.05–1 MPa. Namba hii huonekana ya kitaalamu mno, lakini kwa nyumba yenye tangi juu ya mnara inageuka kuwa hesabu ya futi kamba. Kila mita moja ya urefu wa maji inatoa takriban 0.01 MPa. Kwa hiyo 0.05 inataka mita tano, kuanzia uso wa maji ndani ya tangi hadi mdomo wa mashine. Si urefu wa bomba, wala si kimo cha mnara kutoka ardhini. Ni tofauti ya kimo kati ya maji na mdomo ule, basi. Bomba lingekuwa la mita mia, hesabu ya maji yaliyotulia haibadiliki. Msuguano ndio unaoongezeka maji yakitembea.

Alikuwa na geji mkobani, lakini hakuitoa. Geji za kawaida za mabomba huandikwa hadi 10 bar, na bar moja ni 0.1 MPa. Presha ya tangi la nyumbani ni kama nusu bar tu. Mshale unatikisika tu karibu na sifuri na kila anayeutazama anasoma anachotaka. Kwa presha ndogo kiasi hiki, futi kamba ni kipimo sahihi zaidi kuliko geji. Nimependa sana fundi anayejua ni lini chombo chake hakifai.

Kutoka mdomo wa mashine hadi kitako cha tangi ilikuwa mita 4.2. Alipanda, akatumbukiza fimbo safi, akapima maji: mita 1.1. Jumla mita 5.3, yaani 0.053 MPa. Imepita mpaka kwa unywele. Jioni, baada ya watu kuoga, kupika na kumwagilia bustani, maji kwenye tangi lile hubaki kama sentimita 30. Hapo jumla ni mita 4.5, yaani 0.045. Imeshuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko. Na mtu akiwa anaosha vyombo jikoni kwa bomba lilelile la nusu inchi, presha inayofika inapungua zaidi.

Fumbo la asubuhi na jioni likawa limefunguka. Kulikuwa na visababishi viwili vilivyoshikana mikono. Tangi fupi peke yake lingefanya mashine iwe nzito jioni tu. Chujio lililoziba peke yake, chini ya tangi refu, lingevumilika miezi mingine kadhaa, maana presha kubwa hupenya hata kwenye vitundu vichache. Pamoja viliitoa mashine kazini. Fundi wa kwanza angefunga vali mpya, nayo ingekuja na chujio jipya safi, mashine ingejaa kwa dakika tano, na angesifiwa kwa kubadilisha kitu kizima.

Alieleza njia tatu. Kunyanyua mnara kwa mita mbili, ambayo ni kazi ya ujenzi na gharama yake. Kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha, baada ya tangi na kamwe si kwenye bomba la mgao, kwa kuwa pampu inayovuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa inawanyima majirani na inaweza kuvuta maji machafu kupitia nyufa. Au kufua asubuhi tangi likiwa limejaa, jiko likiwa limetulia. Jirani alichagua ya tatu kwa sasa. Mashine ilipojaribiwa jioni ile, pipa lilijaa kwa dakika 8, na hitilafu haikuandikwa.

Kuna wakati yote haya hayatoshi. Ndoo imejaa vizuri, chujio linapitisha mwanga, tangi liko juu inavyotakiwa, koili inanguruma, na bado maji yanaingia kama machozi. Hapo vali yenyewe inashukiwa kwa haki. Njia nzuri ya kujua bila kufungua ni kulinganisha vyumba vya droo ya sabuni. Vali za mashine nyingi zina koili mbili au tatu zinazotumia mdomo mmoja na chujio moja: koili moja hupeleka maji kwenye chumba kimoja cha droo, nyingine kwenye kingine. Maji yakiwa dhaifu katika vyumba vyote, kosa liko kabla ya vali, yaani chujio au presha. Yakiwa dhaifu katika kimoja tu na mengi katika kingine, koili au kiwambo cha upande huo kimechoka. Jaribio hili halina gharama, na lingetosha kumzuia yule fundi wa kwanza asitaje bei yake.

Kilichobaki ni cha mwenye nyumba. Tangi lisafishwe tope, na bomba la kutolea maji litoke sentimita chache juu ya kitako chake ili mchanga ubaki pale. Mgao ukirudi baada ya siku kavu, usianze na mashine: funga koki yake, fungua koki ya nje, acha maji ya kahawia yaishe mpaka yawe meupe, ndipo uruhusu yapande. Na mashine ikianza kuchelewa, kabla hujamwita mtu yeyote, chukua ndoo ya lita 10 na saa, pima, andika namba ile. Fundi atakayekuja akiomba kuiona, mkabidhi kazi.